Soko Limepanda, Hisa Yangu Imelala: Mwongozo wa Kusoma Fahirisi ya Soko la Hisa

Barabara ya Nyerere, eneo la Chang'ombe wilayani Temeke, ndiko kiliko kiwanda cha Kampuni ya Sigara Tanzania, TCC, ambayo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2000. Mwanzoni mwa 2021 hisa moja ya kampuni hiyo ilikuwa na bei ya shilingi 17,000. Siku hizo hizo hisa moja ya Benki ya CRDB ilipatikana kwa shilingi 200 hivi. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa 2023, hisa ya TCC ilikuwa bado 17,000, na ya CRDB imefika 460 hivi.

Katika miaka hiyo mitatu fahirisi ya kampuni za ndani ilipanda. Mwenye hisa za TCC akisikia habari hiyo ana haki ya kuuliza: imepanda wapi, wakati bei yangu haijasogea hata shilingi? Mwenye hisa za CRDB naye atashangaa kwa upande wake, maana fedha zake zimezidi mara mbili na ongezeko linalotangazwa ni dogo mno kulinganisha na lake. Wote wawili wanaona sawasawa. Kinachowachanganya ni kudhani kwamba fahirisi na bei ya hisa vinapima kitu kimoja.

Mwongozo huu unaeleza fahirisi inapima nini, inakokotolewaje, na jinsi mwekezaji wa kawaida wa Mbagala, Tandika au Keko anavyoweza kuitumia kupima fedha zake. Hesabu zote zilizomo zinafanyika kwa kikokotoo cha simu. Bei zimewekwa kwa kukadiria, karibu na zilivyokuwa sokoni, ili hesabu zisichoshe.

Anza na bei ya hisa

Bei ya hisa ni makubaliano ya mnunuzi na muuzaji kuhusu kipande kimoja cha kampuni. Haisemi kampuni ni kubwa kiasi gani, kwa sababu kila kampuni imekatwa vipande kwa idadi yake. TCC ina hisa milioni 100. CRDB ina hisa zaidi kidogo ya bilioni 2.6. Kipande cha kampuni iliyokatwa mara milioni 100 hakiwezi kulinganishwa moja kwa moja na kipande cha kampuni iliyokatwa mara bilioni 2.6.

Ili kujua ukubwa, zidisha bei ya hisa moja kwa idadi ya hisa zote. Jibu lake ni thamani ya kampuni sokoni, ambayo watu wa soko huiita mtaji wa soko. Kwa TCC, 17,000 mara milioni 100 ni shilingi trilioni 1.7. Kwa CRDB ya mwanzoni mwa 2021, 200 mara bilioni 2.612 ni shilingi bilioni 522.

Kosa la kawaida huanzia hapa. Mtu anaona NMB kwa shilingi 2,340 na Vodacom Tanzania kwa shilingi 770, anahitimisha kwamba NMB ndiyo kampuni kubwa zaidi. Lakini NMB ina hisa milioni 500, kwa hiyo thamani yake kwa bei hiyo ni bilioni 1,170. Vodacom ina hisa milioni 2,240, na thamani yake ni bilioni 1,725. Kwa bei hizo, Vodacom ndiyo iliyokuwa kubwa.

Bei ya hisa ina kazi moja ambayo inaifanya vizuri: kuonyesha mabadiliko ya hisa hiyo yenyewe. Kutoka 200 hadi 460 ni ongezeko la asilimia 130. Asilimia ndiyo inayompa mwekezaji jibu la swali lake, si ukubwa wa bei.

Fahirisi ni nini

Msomaji tayari anaishi na fahirisi nyingine. Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumko wa bei kwa kutumia fahirisi ya bei za mlaji. Ofisi hiyo haichukui bei ya nyanya za Temeke Sterio peke yake ikasema gharama za maisha zimepanda. Inachukua kapu la bidhaa na huduma nyingi, inakipa kila kitu uzito kulingana na nafasi yake katika matumizi ya kaya, kisha inatoa namba moja. Chumvi ikipanda maradufu, namba ile haitikisiki sana. Unga ukipanda, inasogea.

Fahirisi ya soko la hisa inafanya hivyo hivyo kwa kampuni. Inakusanya thamani za kampuni zilizomo ndani yake, inazijumlisha, kisha inalinganisha jumla hiyo na jumla ya siku ya kuanzia. Namba inayotoka haina shilingi wala asilimia, ni pointi tu. Fahirisi ikisoma 2,000 haina maana kwamba kuna kitu kinauzwa shilingi 2,000. Maana yake huonekana pale tu inapolinganishwa na usomaji wa siku nyingine wa fahirisi ileile.

Soko la Dar es Salaam, ambalo lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998 kwa kampuni moja tu, TOL Gases, lina fahirisi kuu mbili. DSEI inabeba kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwemo za Kenya. TSI inabeba kampuni za Tanzania peke yake. Zipo pia fahirisi za sekta, kama vile ya benki na fedha na ile ya viwanda. Tofauti ya DSEI na TSI ni muhimu sana, na itarudiwa mbele.

Hesabu ya kampuni tano

Njia nzuri ya kuielewa fahirisi ni kuitengeneza. Chukua kampuni tano tu za ndani na bei zao za mwanzoni mwa 2021, kisha andika thamani ya kila moja:

- TBL: hisa milioni 295 kwa shilingi 10,900, thamani bilioni 3,216
- Vodacom: hisa milioni 2,240 kwa shilingi 770, thamani bilioni 1,725
- TCC: hisa milioni 100 kwa shilingi 17,000, thamani bilioni 1,700
- NMB: hisa milioni 500 kwa shilingi 2,340, thamani bilioni 1,170
- CRDB: hisa milioni 2,612 kwa shilingi 200, thamani bilioni 522

Jumla ni shilingi bilioni 8,333. Siku ya kuanzia fahirisi hupewa namba rahisi kukumbuka. Hapa tuipe 1,000. Ili bilioni 8,333 zisomeke 1,000, zinagawanywa kwa 8.333. Namba hiyo ndiyo kigawanyo, na ndiyo itakayotumika kila siku kuanzia hapo.

Sasa nenda mwishoni mwa 2023. TBL bado ni 10,900, Vodacom 770, TCC 17,000. NMB imefika 4,500, kwa hiyo thamani yake ni bilioni 2,250. CRDB imefika 460, thamani bilioni 1,202. Jumla mpya ni bilioni 10,093. Igawanye kwa 8.333, unapata 1,211.

Fahirisi ya kampuni tano imepanda kutoka 1,000 hadi 1,211, yaani asilimia 21 na ushei.

Asilimia 21 ambayo hakuna aliyeipata

Tazama sasa kila hisa peke yake. CRDB imepanda asilimia 130. NMB imepanda asilimia 92. TBL, Vodacom na TCC hazikupanda hata kidogo. Hakuna hisa hata moja kati ya tano iliyopanda asilimia 21. Hata hivyo namba hiyo ni ya kweli: fedha zote zilizowekwa katika kampuni hizo tano, zikichukuliwa kama fungu moja, ziliongezeka thamani kwa kiasi hicho.

Mtu anaweza kujaribu njia ya mkato: jumlisha 130, 92 na sufuri tatu, gawanya kwa tano. Anapata asilimia 44, zaidi ya mara mbili ya jibu la fahirisi. Tofauti inatokana na uzito. Mwanzoni mwa 2021 TBL peke yake ilibeba karibu asilimia 39 ya fungu zima. Vodacom na TCC kila moja ilibeba kama asilimia 20. NMB ilikuwa asilimia 14, na CRDB asilimia 6 tu. Sehemu kubwa ya fungu, asilimia 80 hivi, ilikuwa katika hisa ambazo bei zake hazikusogea. Benki mbili zilizokimbia zilikuwa zinavuta mzigo ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imekaa.

Jambo moja zaidi linafaa kuangaliwa hapo. CRDB ilipanda kwa asilimia kubwa kuliko NMB, lakini NMB ndiyo iliyoisukuma fahirisi zaidi. Thamani ya NMB iliongezeka kwa bilioni 1,080, na ya CRDB kwa bilioni 680. Fahirisi haihesabu nani amekimbia kwa kasi zaidi, inahesabu nani ameongeza shilingi nyingi zaidi kwenye jumla.

Uzito nao haukai palepale. Mwishoni mwa 2023 CRDB ilikuwa imefika karibu asilimia 12 ya fungu, na NMB asilimia 22. Mwanzoni, CRDB ikipanda asilimia 10, fahirisi ya kampuni hizi tano ingesogea kwa asilimia 0.6 tu. Mwishoni, mruko uleule ungeisogeza kwa asilimia 1.2.

Ndiyo maana inawezekana kabisa siku moja hisa yako ikapanda na soko likashuka. Chukua siku ambayo CRDB imepanda asilimia 10 na TBL imeshuka asilimia 5, kwa thamani za mwishoni mwa 2023. CRDB inaongeza bilioni 120, TBL inaondoa bilioni 161. Jumla inapungua kwa bilioni 41, na fahirisi inateremka kutoka 1,211 hadi 1,206. Mwenye CRDB amefurahi siku ambayo habari zinasema soko limeshuka.

Si kila fahirisi hupima uzito kwa njia hii. Nairobi wana fahirisi ya NASI, iliyoanza 2008, ambayo inafuata thamani ya kampuni zote kama zinavyofanya za Dar es Salaam. Safaricom, yenye hisa bilioni 40, ni nzito mno ndani yake. Lakini wana pia fahirisi ya zamani ya kampuni ishirini, NSE 20, ambayo inazipa kampuni zake nafasi sawa katika wastani. Ndiyo maana kuna nyakati NASI hupanda kwa nguvu ya Safaricom huku NSE 20 ikishuka, na zote mbili zinasema kweli kuhusu soko moja. Kabla ya kuisoma fahirisi yoyote, uliza kwanza inavyogawa uzito.

Kigawanyo kinafanya kazi gani

Tarehe 15 Agosti 2017 Vodacom Tanzania iliorodheshwa Dar es Salaam, baada ya kuuza hisa zake kwa wananchi kwa shilingi 850. Kwa bei hiyo kampuni nzima ilikuwa na thamani ya shilingi trilioni 1.9. Kiasi hicho kiliingia sokoni kwa siku moja. Je, wenye hisa za kampuni nyingine walitajirika siku hiyo? Hapana. Fedha zao zilibaki zilezile, isipokuwa soko limepata mwanachama mpya.

Kama fahirisi ingekuwa jumla tupu ya thamani, ingeruka siku ile na kuwadanganya watu. Dawa yake ni kurekebisha kigawanyo. Rudi kwenye kapu letu la kampuni tano lenye bilioni 10,093 na usomaji wa 1,211. Ikiingia kampuni mpya ya bilioni 1,000, jumla inakuwa bilioni 11,093. Kigawanyo kinaongezwa kutoka 8.333 hadi 9.16, ili fahirisi iendelee kusoma 1,211 ileile. Kuanzia siku inayofuata, kampuni mpya inaanza kuisogeza kwa kupanda na kushuka kwake.

Marekebisho hayo hayo hufanyika kampuni inapotoka, kama Acacia ilivyotoka mwaka 2019 baada ya Barrick kuinunua yote, au inapotoa hisa za nyongeza. Mwaka 2015 CRDB iliwauzia wanahisa wake hisa mpya milioni 435 kwa shilingi 350 kila moja na kukusanya shilingi bilioni 152. Thamani ya benki sokoni iliongezeka kwa fedha hizo mpya, lakini hilo si faida ya aliyekuwa na hisa tayari, kwa hiyo halipaswi kuonekana kwenye fahirisi kama kupanda kwa soko.

Kwa mwekezaji, maana yake ni hii: usichukue ongezeko la mtaji wa soko zima ukalitafsiri kama faida. Mtaji wa soko unaweza kuongezeka kwa sababu tu kampuni mpya imeingia. Fahirisi ndiyo iliyochujwa.

DSEI au TSI?

Kampuni za Kenya kama Kenya Airways, EABL, Jubilee, KCB na Nation Media zimeorodheshwa pia Dar es Salaam. Biashara ya hisa hizo hapa ni ndogo sana. Bei zao hufuata za Nairobi, na thamani zao hubadilishwa kuwa shilingi za Tanzania kabla ya kuingia katika DSEI.

Hapo panaingia mambo mawili ambayo mwenye hisa za NMB hayamhusu: hali ya soko la Nairobi, na kiwango cha kubadilisha shilingi ya Kenya. Chukua hisa inayouzwa Nairobi kwa shilingi 150 za Kenya. Shilingi moja ya Kenya ikiwa sawa na 19 za Tanzania, hisa hiyo inahesabiwa 2,850. Kiwango kikishuka hadi 16, inahesabiwa 2,400. Imepoteza karibu asilimia 16 katika DSEI bila mtu yeyote Nairobi kubadilisha bei yake.

Mwaka 2023 mambo hayo mawili yalikutana. NASI ya Nairobi ilipoteza zaidi ya robo ya thamani yake, na shilingi ya Kenya ilidhoofika kwa kasi kuliko ya Tanzania. DSEI ikamaliza mwaka chini ya ilipoanzia, wakati TSI, ya kampuni za ndani, ikamaliza juu. Aliyesoma DSEI peke yake alidhani kampuni za Tanzania zilikuwa na mwaka mbaya. Hazikuwa nao.

Kanuni ni rahisi. Kama hisa zako ni za kampuni za Tanzania, zipime kwa TSI. DSEI ifuate kama unataka kujua hali ya kila kilichoorodheshwa, Kenya ikiwemo.

Bei iliyolala

Udhaifu mkubwa wa fahirisi za soko dogo uko mahali ambapo watu wengi hawatazami. TBL ilikaa kwenye shilingi 10,900, na TCC kwenye 17,000, kwa miaka. Siyo kwamba kila siku wanunuzi na wauzaji walikutana wakakubaliana tena bei ileile. Siku nyingi hawakukutana kabisa.

Sababu ni umiliki. Asilimia 75 ya TCC iko mikononi mwa kundi la Japan Tobacco. TBL nayo iko chini ya kundi la AB InBev. Wamiliki hao hawauzi hisa zao sokoni, na wengi wa walio na zilizobaki wanazishikilia kwa ajili ya gawio. Hisa zinazozunguka ni chache. Biashara isipofanyika, bei inayoandikwa ni ya mwisho kufanyiwa biashara, hata kama ni ya zamani, na fahirisi inaipokea kama bei ya leo.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, fahirisi inaonekana tulivu kuliko hali halisi, kwa sababu hisa nzito zimelala. Pili, siku hisa nzito inapoamka, fahirisi inaruka ghafla. Katika kapu letu la mwanzoni mwa 2021, kama TBL ingefanyiwa biashara kwa bei iliyo chini kwa asilimia 10, fahirisi ingeanguka kwa karibu asilimia 4 siku hiyo hiyo, hata kama kampuni nyingine nne zisingesogea.

Namna ya kuitambua bei iliyolala ni kutazama safu ya idadi ya hisa zilizouzwa katika taarifa ya soko ya kila siku. Bei ambayo haijabadilika na idadi ni sufuri, au hisa chache tu kwa wiki kadhaa, haijathibitishwa na mtu. Bei ambayo haijabadilika huku maelfu ya hisa yakibadilishana mikono ni bei tulivu kweli. Ukiwa na hisa za aina ya kwanza, usiihesabu bei ya kwenye karatasi kana kwamba ni fedha mkononi. Siku ukitaka kuuza, huenda ukasubiri mnunuzi, au ukalazimika kupunguza bei.

Gawio halimo ndani

DSEI na TSI zinafuata bei peke yake. Gawio ambalo kampuni inawalipa wanahisa halionekani humo. Hili si dogo. Kwa mwaka wa fedha wa 2022 CRDB ilitoa gawio la shilingi 45 kwa hisa. Kwa aliyenunua hisa kwa 200, hiyo ni zaidi ya asilimia 22 ya fedha aliyoiweka, imelipwa taslimu ndani ya mwaka mmoja, na fahirisi haikuisoma.

Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye TCC wa mwanzo wa makala haya. Bei yake haikusogea, lakini kampuni za aina hiyo ndizo watu huzishika kwa ajili ya gawio. Kuzipima kwa fahirisi ya bei pekee ni kuacha nje sababu yenyewe iliyomfanya anunue.

Hatua za kupima fedha zako

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini bei zake ni zile tulizotumia. Mwenye duka la rejareja Mbagala Rangi Tatu ana hisa 1,000 za Vodacom alizonunua 2017 kwa shilingi 850, na hisa 2,000 za CRDB alizonunua mwanzoni mwa 2021 kwa shilingi 200. Anataka kujua amefanyaje kati ya mwanzo wa 2021 na mwisho wa 2023.

Hatua ya kwanza, achague tarehe mbili na azitumie kwa kila kitu. Asilinganishe hisa aliyonunua 2017 na fahirisi ya mwaka jana. Kwa Vodacom, kipimo kinaanzia 770 ya mwanzoni mwa 2021. Hasara ya kutoka 850 ni kweli, ila ni ya kipindi kingine.

Hatua ya pili, apate thamani ya hisa zake zote kwa tarehe zote mbili. Mwanzo: Vodacom shilingi 770,000 na CRDB shilingi 400,000, jumla 1,170,000. Mwisho: Vodacom 770,000 na CRDB 920,000, jumla 1,690,000. Ongezeko ni 520,000, ambalo ni asilimia 44.

Hatua ya tatu, achukue usomaji wa TSI wa tarehe hizo hizo kutoka kwenye taarifa za soko. Aondoe wa mwanzo kutoka wa mwisho, kisha agawanye kwa wa mwanzo. Asitumie pointi, kwa sababu pointi 20 zina uzito mmoja fahirisi ikiwa 1,000 na uzito mwingine ikiwa 4,000. Kwa kapu letu la kampuni tano jibu lilikuwa asilimia 21.

Hatua ya nne, aongeze gawio alilopokea. Kwa gawio la 2022 peke yake, hisa 2,000 za CRDB zilimpa shilingi 90,000 kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5. Aliandike kando, asilichanganye na asilimia ya bei, maana TSI haina gawio ndani yake na ulinganisho utaharibika.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa zaidi: aulize kwa nini amelizidi soko. Jibu liko wazi. CRDB ilikuwa asilimia 34 ya fedha zake, na katika kapu la kampuni tano ilikuwa asilimia 6 tu. Alibeba hisa moja kwa uzito mara tano na zaidi ya ule wa fahirisi, na hisa hiyo ikapanda. Kama ingeshuka kwa nusu, fedha zake zingepungua kwa asilimia 17, wakati fahirisi ingepungua kwa asilimia 3. Kulizidi soko kwa njia hiyo ni matokeo ya kuweka fedha mahali pamoja, na mwenye duka anapaswa kuamua kwa makusudi kama anataka kuendelea hivyo.

Taarifa za kufanyia kazi hii zinapatikana bila malipo. Soko hutoa taarifa yake kila siku ya biashara, ikiwa na bei za kufunga, idadi ya hisa zilizouzwa na usomaji wa fahirisi. Bei zinaonekana pia kwenye programu ya simu ya Hisa Kiganjani, na dalali aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana anaweza kukupa taarifa ya tarehe za nyuma ukimwomba.

Mara nyingine utakaposikia kwamba soko limepanda, uliza maswali matatu kabla ya kununua au kuuza chochote: ni fahirisi ipi, imepanda kwa asilimia ngapi tangu lini, na ni kampuni zipi zilizoisukuma. Usipopata majibu hayo, hiyo habari isikufanye uguse hisa zako.